Unganisha ekstenda ya waifai na ruta kwa vitufe viwili, kisha hakikisha imeshika

Mama mmoja mwenye duka la nafaka Kitengela alitupigia simu akiwa na malalamiko kuhusu apu yetu. Kila jioni, wateja wakiwa wamejaa dukani, tableti yake ilikuwa inazunguka tu bila kuonyesha malipo yaliyoingia. Tableti hiyo haina laini. Laini ya tili iko kwenye simu ya mumewe, ambaye mchana kutwa yuko kazini, kwa hivyo ujumbe wa malipo unaingia huko. Yeye dukani anategemea apu peke yake ili ajue kama pesa imefika.

Siku moja mteja alichukua mchele kilo 25, akamwonyesha ujumbe wa shilingi 4,500 kwenye simu yake. Mama akajaribu kufungua apu, ikazunguka. Foleni ilikuwa ndefu, akaona aibu kumweka mtu akisubiri, akamwachilia. Usiku mumewe aliporudi na simu, hakukuwa na malipo yoyote ya shilingi 4,500. Ujumbe ule ulikuwa wa kubuni.

Tulipofika kwake tulikuta apu haina shida. Ruta iko sebuleni, duka liko kwenye geti, na katikati kuna kuta tatu za mawe. Mawimbi ya waifai yalikuwa yakifika dukani yakiwa hoi. Alikuwa tayari amenunua ekstenda, yaani kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ambacho hupokea waifai ya ruta na kuisukuma mbele zaidi. Ila alikuwa amejaribu kuiunganisha mara mbili ikakataa, akairudisha kwenye boksi.

Leo tunakueleza kazi ile tuliyofanya pale kwake, hatua kwa hatua. Ni kazi ya dakika kumi hivi. Sehemu ya kubonyeza vitufe ni rahisi, na mahali watu wengi wanapokosea ni kuthibitisha, maanake taa ikiwaka wanadhani wamemaliza.

Kwanza, jua ekstenda itakusaidia wapi

Usije ukanunua kifaa kwa shida ambayo hakiwezi kutibu. Ekstenda inasaidia vitu vinavyopita kwenye intaneti: apu ya malipo, tableti ya duka, mashine ya kadi inayotumia waifai. Ukipiga msimbo wa nyota na reli ili kutuma pesa, hapo hutumii waifai. Ile fomu inayoruka kwenye skrini ya mteja ikimwomba PIN inapitia mtandao wa simu, na ujumbe wa SMS wa kuthibitisha malipo pia unapitia huko huko. Kama shida yako ni kwamba SMS zinachelewa au msimbo unakataa, ekstenda haitabadilisha chochote. Hiyo ni habari ya mnara wa simu.

Njia rahisi ya kujua: chukua simu au tableti yako, simama karibu na ruta, fungua apu. Ikifunguka haraka pale, halafu ukienda dukani inazunguka, shida ni umbali na kuta. Ekstenda itakufaa. Ikizunguka hata ukiwa umesimama kando ya ruta, shida iko kwenye intaneti yenyewe, na ekstenda itakusambazia tu intaneti ile ile mbovu.

Vitufe viwili vinafanya nini

Angalia nyuma au ubavuni mwa ruta yako. Utaona kitufe chenye herufi WPS, au chenye mchoro wa mishale miwili inayozunguka. Ekstenda nayo ina kitufe kama hicho, mara nyingi kikubwa, mbele kabisa.

Kwa kawaida ukitaka kifaa kipya kiingie kwenye waifai, unaandika pasiwadi. Ekstenda haina kibodi. Kwa hivyo ukibonyeza kitufe cha ruta, unaiambia: kwa dakika mbili zijazo, kifaa kitakachokuja kikibisha hodi kwa njia hii, mpe jina na pasiwadi ya waifai. Ukibonyeza cha ekstenda, nayo inaanza kubisha. Vikikutana ndani ya zile dakika mbili, ruta inaipa ekstenda pasiwadi na ekstenda inaihifadhi. Mlango unafungwa. Kuanzia hapo ekstenda inaingia yenyewe kila inapowashwa, hauhitaji kubonyeza tena.

Ukielewa hivyo, utajua kwa nini mama alishindwa mara ya kwanza. Alichomeka ekstenda dukani, mahali anapotaka waifai ifike. Akabonyeza ruta sebuleni, akafunga mlango wa nyumba, akatembea hadi dukani, akafungua kufuli ya grili, ndipo akabonyeza ekstenda. Dakika mbili zilikuwa zimeshapita. Na hata kama angekimbia, pale dukani ekstenda ilikuwa haiisikii ruta vizuri, kwa sababu zile zile ambazo tableti ilikuwa haiisikii.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: unganisha vifaa vikiwa chumba kimoja, halafu ndio uhamishe ekstenda.

Hatua za kuunganisha

1. Chomeka ekstenda kwenye soketi iliyo chumba kimoja na ruta, mita mbili au tatu kutoka kwayo. Ichomeke moja kwa moja ukutani kama unaweza. Washa swichi ya soketi. Tunasema hivi kwa sababu tumewahi kukuta imezimwa.

2. Ngoja. Taa ya umeme, ile iliyoandikwa Power kwenye ekstenda nyingi, itamweka kwa muda kisha itulie. Inaweza kuchukua dakika moja hivi. Usibonyeze chochote kabla haijatulia, maana kifaa bado kinaamka.

3. Bonyeza kitufe cha WPS kwenye ruta. Bonyeza na uachilie, kama unavyobonyeza kengele ya mlango: sekunde moja au mbili. Ruta nyingi zitaonyesha taa inayomwekamweka, ishara kwamba mlango uko wazi.

4. Kabla dakika mbili hazijaisha, bonyeza kitufe cha WPS kwenye ekstenda kwa namna ile ile, kifupi. Taa yake itaanza kumweka.

5. Usiguse kitu tena. Ndani ya dakika moja au mbili taa ya ekstenda itaacha kumweka na kubaki imewaka. Kwenye ekstenda nyingi taa hiyo imeandikwa Signal. Rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hivyo soma kikaratasi kilichokuja kwenye boksi. Kwa nyingi, taa inayomweka inamaanisha bado natafuta, na taa iliyotulia inamaanisha nimeingia.

Kama taa imezimika au imerudi ilivyokuwa mwanzo, jaribio limeshindwa. Ngoja dakika mbili kamili ili ruta ifunge mlango wake, kisha anza tena kutoka hatua ya tatu.

Hapa ndipo watu hupoteza waifai yote

Tafadhali soma sehemu hii kabla hujagusa ruta. Kwenye ruta nyingi kitufe cha WPS kinafanya kazi mbili. Utakuta kimeandikwa WPS/Reset. Ukikibonyeza kifupi, kinaunganisha. Ukikishikilia kwa muda mrefu, ruta inafuta mipangilio yake yote na kurudi ilivyotoka kiwandani. Muda wenyewe unategemea ruta, na kwa nyingi ni kati ya sekunde tano na kumi. Kuna nyingine ambazo ukishikilia kitufe, waifai inazimwa mpaka ukishikilie tena.

Hivyo ndivyo jaribio la pili la mama lilivyoharibika. Kijana wake alisema, "Mum, labda hukubonyeza vizuri," akakishikilia kitufe mpaka taa zote za ruta zikazima na kuwaka upya. Zilipowaka, jina la waifai waliyoizoea lilikuwa limepotea. Simu zote za nyumbani zikawa nje.

Kwao bahati ilikuwepo, kwa sababu intaneti ilirudi yenyewe. Kilichobadilika ni jina na pasiwadi tu, ambavyo vilirudi kuwa vile vilivyochapishwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Lakini kuna kampuni za intaneti ambazo ruta yake inahitaji jina la akaunti na nenosiri ili iingie mtandaoni. Ukifuta hayo, hutakuwa na intaneti mpaka uwapigie simu, na kama ni Jumamosi jioni, duka litakaa hivyo.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza, chukua simu yako upige picha kibandiko cha ruta. Kisha soma maandishi yaliyo kwenye kitufe. Kama neno Reset liko hapo, hesabu "moja, mbili" na uachilie. Na kitundu kidogo kinachohitaji pini au kijiti cha kiberiti kuingia, usikiguse kabisa kwenye ruta.

Kuihamisha, na mahali pa kuiweka

Taa ikishatulia, chomoa ekstenda bila wasiwasi. Haisahau. Peleka mahali pa katikati, kisha uichomeke tena na kungoja dakika moja au mbili ijiunge yenyewe.

Katikati hapa tunamaanisha kati ya ruta na mahali pa kazi, na ukiwa na shaka, sogea upande wa ruta zaidi. Watu wengi hutamani kuiweka pale pale wanapotaka mtandao. Lakini ekstenda haiwezi kusukuma mbele kitu ambacho yenyewe haijapokea. Ukiiweka dukani ambako waifai ni hafifu, simu yako itaonyesha mistari yote imejaa, kwa sababu unaipata ekstenda vizuri, ila apu itazunguka kama kawaida, kwa sababu ekstenda haiipati ruta. Hiyo mistari inakuonyesha nguvu ya kutoka ekstenda hadi kwako tu. Haikuambii lolote kuhusu upande wa pili.

Kwa mama wa Kitengela, kutoka ruta hadi kaunta ya duka tulipima hatua kama mita 26. Tulijaribu kwanza soketi ya nje, kwenye veranda, kama mita 14 kutoka ruta. Taa ya Signal ikawa nyekundu, na kwa ekstenda yake nyekundu maana yake ni "niko mbali mno na ruta". Tukarudi nyuma hadi jikoni, soketi iliyo karibu na dirisha linaloangalia geti, mita 9 kutoka ruta. Taa ikawa ya samawati na kutulia. Kutoka hapo hadi dukani ni mita 17, ndefu kidogo, lakini mawimbi yanapitia kioo cha dirisha badala ya kuta tatu za mawe.

Dirisha likawa na faida kuliko umbali. Mbao na kioo hupitisha mawimbi kwa urahisi. Jiwe na zege huyadhoofisha. Mabati na chuma huyarudisha nyuma, kwa hivyo kama duka lako ni la mabati, elekeza ekstenda upande wa mlango au dirisha. Usiifiche nyuma ya friji wala kando ya maikrowevu. Maikrowevu ikiwa kazini huvuruga waifai ya 2.4G, ambayo ndiyo inayofika mbali zaidi.

Kuthibitisha kwamba kweli imeshika

Hapa ndipo tunakuomba usiwe na haraka. Kuna viungo vitatu, na kila kimoja kina ushahidi wake: ekstenda na ruta, kifaa chako na ekstenda, halafu njia nzima hadi kwenye apu.

*Kiungo cha kwanza, ekstenda na ruta.* Taa iliyotulia yenye rangi nzuri ndiyo dalili. Ukitaka uhakika zaidi, fungua ukurasa wa ruta kwenye simu. Ukiwa kwenye waifai ya ruta, andika kwenye kivinjari anwani iliyochapishwa kwenye kibandiko chake. Mara nyingi ni mojawapo ya hizi:

```
192.168.0.1
192.168.1.1
```

Ukishaingia tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ekstenda inapaswa kuwemo. Kama jina lake halieleweki, linganisha ile anwani ya herufi na namba iliyo kwenye kibandiko cha ekstenda, iliyoandikwa MAC. Ekstenda nyingine hutumia anwani inayotofautiana na ya kibandiko kwa herufi moja au mbili, kwa hivyo usishtuke. Orodha hii pia inakuonyesha kama kuna kifaa usichokijua, na tutarudi hapo.

*Kiungo cha pili, kifaa chako na ekstenda.* Nenda dukani, fungua orodha ya waifai. Baada ya kuunganishwa, ekstenda nyingine huonekana kwa jina la ruta likiwa na nyongeza ya _EXT mwishoni, mfano Nyumbani_EXT. Hapo ni rahisi: chagua jina hilo, andika pasiwadi ile ile ya waifai ya nyumbani. Ekstenda nyingine hutumia jina lile lile la ruta bila nyongeza, na hapo huwezi kujua kwa kuangalia jina umeshika ipi. Fanya hivi: simama dukani ukiangalia mistari ya waifai, umwombe mtu azime soketi ya ekstenda. Mistari ikianguka au waifai ikikatika, basi ulikuwa umeshika ekstenda. Kama hakuna kilichobadilika, kifaa chako bado kinang'ang'ania ruta ya mbali. Washa ekstenda tena, uzime waifai ya simu na kuiwasha, ichague iliyo karibu.

*Kiungo cha tatu, njia nzima.* Zima data ya simu. Hili ndilo jaribio ambalo watu huliruka. Kijana wa mama alipojaribu kwa simu yake, apu ilifunguka mara moja, akatangaza kazi imekwisha. Tukamwambia, "Zima data kwanza." Alipozima, apu ikagoma. Kumbe simu iliona waifai haina intaneti, ikahamia kwenye bando kimyakimya bila kumwuliza. Simu nyingi za sasa hufanya hivyo. Tableti ya mama haina laini, kwa hivyo isingekuwa na bando la kukimbilia, na kesho yake jioni tungerudi pale pale. Hii ilikuwa wakati ekstenda bado iko kwenye veranda na taa ikiwa nyekundu. Tulipoihamishia jikoni, tukarudia na data ikiwa imezimwa, apu ikafunguka.

Bado hatukuishia hapo. Mama alimwomba jirani alipe shilingi 10 kwenye tili, akiwa amesimama kwenye kaunta na tableti mkononi. Akaonyesha upya ukurasa wa malipo. Shilingi 10 zikatokea, na saa yake. Hapo ndipo tulisema imeshika. Tulirudia saa moja na nusu jioni, wakati wa foleni, kwa sababu saa tano asubuhi mtandao wa jirani zako haujajaa na kila kitu huonekana kizuri.

Ikikataa kabisa

Kama umefuata hatua zote vifaa vikiwa chumba kimoja na bado inakataa, sababu huwa chache.

Ya kwanza ni kwamba WPS imezimwa ndani ya ruta. Kampuni nyingine za intaneti huizima kabla ya kukuletea, na ruta nyingine hazina kitufe hicho kabisa. Dalili yake: unabonyeza, hakuna taa yoyote ya ruta inayobadilika.

Ya pili ni aina ya ulinzi. Kama waifai yako imewekwa WPA3 peke yake, njia ya kitufe haifanyi kazi. Ibadilishe kwenye ukurasa wa ruta iwe WPA2, au ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Vilevile kama umeficha jina la waifai lisionekane, kitufe kwa kawaida kitagoma.

Ya tatu ni ekstenda ya mtumba. Kama ulinunua kwa mtu, bado inakumbuka ruta ya huko kwao na inaitafuta. Hii unaweza kuifuta: ikiwa imewashwa, ingiza pini kwenye kitundu cha Reset cha ekstenda, sio cha ruta, ushikilie mpaka taa zibadilike. Ngoja iwake upya, anza hatua ya kwanza.

Ya nne ni vifaa viwili kubisha hodi kwa wakati mmoja. Kama wewe unabonyeza na jirani wa ghorofa moja naye anaunganisha printa yake, ruta inaona hodi mbili na inakataa zote kwa usalama. Ngoja dakika kadhaa, rudia.

Na kama hakuna kinachofanya kazi, kitufe si lazima. Ekstenda mpya hurusha waifai yake yenyewe yenye jina la kampuni. Iunge simu kwenye waifai hiyo, ufungue anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, uchague jina la waifai ya nyumbani na uandike pasiwadi. Matokeo ni yale yale.

Mambo ya kukumbuka baada ya hapo

Stima ikipotea na kurudi, ekstenda huamka haraka kuliko ruta, ikatafuta na kukosa. Usikimbilie kubonyeza vitufe. Ngoja kama dakika tano, ruta ikishapata intaneti ekstenda itajiunga. Ikibaki imekwama, zima soketi ya ekstenda na kuiwasha. Ila ukibadilisha jina au pasiwadi ya waifai, ekstenda ina ile ya zamani, na itabidi uunganishe upya.

Ekstenda ya bei ya chini hupokea na kutuma kwa redio moja, kwa zamu, kwa hivyo kasi unayoipata upande wa pili hushuka hadi nusu hivi. Kwa apu ya malipo hilo si neno, kwa sababu ukurasa wa malipo ni mwepesi. Utalisikia ukitaka kutazama mpira dukani.

Kuhusu usalama: kwa zile dakika mbili mlango uko wazi kwa yeyote aliye karibu. Usiweke ruta kwenye kaunta ambapo mteja anaweza kunyoosha mkono. Pia ukurasa wa ruta una njia nyingine ya WPS inayotumia namba nane zinazoitwa PIN. Mwaka 2011 ilionyeshwa hadharani kwamba namba hiyo inakaguliwa kwa vipande viwili, kwa hivyo mtu mwenye programu anahitaji kubahatisha mara 11,000 hivi tu badala ya mamilioni. Ukishaunganisha, zima njia hiyo ya PIN kwenye ukurasa wa ruta, na uangalie ile orodha ya vifaa kama kuna mgeni.

PIN hiyo haina uhusiano wowote na PIN yako ya malipo. Hakuna hatua hata moja ya kuunganisha ekstenda inayohitaji PIN yako ya malipo. Fundi akikuuliza, au mtu akikupigia simu akisema anataka kukusaidia kuweka waifai na akaomba PIN, kata simu.

Na siku mtandao ukigoma katikati ya biashara, kwa sababu itatokea, usiamini skrini ya mteja wala usimwambie alipe mara ya pili. Piga msimbo kutoka kwenye simu yenye laini ya tili, au mpigie aliye nayo, uulize salio au malipo ya mwisho. Msimbo hautegemei waifai. Mama wa Kitengela sasa ana namba ya mumewe kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya mizani, na mchele hautoki mpaka mmoja wao aione pesa.